Skejuli ya bima ya maisha: anza na tarehe, pesa baadaye

Mdogo wangu uliyeanza uajenti, wateja wako wengi hawatakujia na swali. Watakujia na bahasha. Ndani mna kijitabu cha mkataba ambacho hakijafunguliwa tangu siku kilipotoka, na mbele yake karatasi moja au mbili zenye masanduku, majina na namba. Karatasi hizo ndizo skejuli. Kijitabu hueleza sheria. Skejuli husema sheria hizo zinamhusu nani, kwa pesa ngapi na kuanzia lini. Ukijua kuisoma hiyo, hata kijitabu utakijua pa kukifungulia.

Nitakuonyesha kwa mteja mmoja. Mwezi wa Machi 2023 alinijia mama anayeuza samaki Kongowea. Friza yake ilikuwa imekufa na fundi alitaka shilingi 60,000 abadilishe mtambo. Akaiweka bahasha mezani akasema, "Kaka, nataka kuvunja hii bima. Nimelipa miaka minne, nirudishieni pesa zangu." Nikamwambia akae kwanza, tuisome pamoja.

Mimi huanza na tarehe, wala sianzi na pesa. Skejuli yake ilisema bima imeanza tarehe 1 Machi 2019, muda miaka 15, inaiva tarehe 1 Machi 2034. Yeye alikumbuka kujaza fomu mwanzoni mwa Februari 2019. Zile wiki zote za katikati si za bima. Saa ya mkataba huanza kuhesabu kwenye tarehe iliyoandikwa kwenye skejuli. Siku aliyotia sahihi haihesabiki, na siku ajenti alipomwambia "hongera" haihesabiki pia.

Chini ya tarehe ya kuzaliwa kuna kisanduku kidogo ambacho ajenti wapya hukiruka: umri umekubaliwa, ndiyo au la. Kikisema la, maana yake kampuni haijaona kitambulisho wala cheti cha kuzaliwa. Bima itaendelea na malipo yatapokelewa, lakini siku ya kudai, familia itaanza kutafutishwa karatasi wakiwa kwenye matanga. Cha huyu mama kilisema la. Tulipiga nakala ya kitambulisho siku hiyo hiyo.

Sasa kima cha bima. Palikuwa na shilingi 600,000, na malipo ya mwezi shilingi 4,000. Akaniuliza mbona aliahidiwa zaidi ya milioni. Nikamwomba hiyo karatasi ya ahadi, akatoa chati iliyochapishwa kwa rangi. Ile ni makadirio. Kima cha bima ndicho kiasi ambacho kampuni imejifunga nacho: akifariki ndani ya miaka 15, warithi aliowataja watalipwa 600,000, akiwa hai tarehe ya kuiva, atalipwa yeye. Bonasi huongezwa juu yake, lakini bonasi ya mwaka ujao haijawa mali ya mtu mpaka itangazwe. Piga hesabu mbele ya mteja bila haya: 4,000 mara miezi 180 ni 720,000. Kwa hiyo akifika mwisho, kima peke yake ni kidogo kuliko alicholipa, na sehemu ya tofauti hiyo ndiyo bei ya kinga aliyokuwa nayo miaka yote. Ajenti aliyemficha hesabu hiyo 2019 ndiye aliyemfanya mama ajione ameibiwa 2023.

Pembeni ya kima kulikuwa na mstari mwingine wa 600,000, wa kifo cha ajali. Hiyo ni nyongeza. Hulipwa pamoja na kima ajali ikiua, na haina thamani ya kuvunja, yaani pesa anazorudishiwa mteja akivunja bima kabla haijaiva. Usiijumlishe ukamwambia mteja ana bima ya milioni na laki mbili.

Tukaja kwenye muda wa kungoja, na hapa ndipo mama alipopigwa na butwaa. Mkataba wake ulitolewa bila kupimwa hospitali, na mikataba ya namna hiyo huwa na sharti: akifariki kwa ugonjwa ndani ya miezi 6 ya mwanzo, kampuni hairudishi zaidi ya malipo yaliyopokelewa. Ajali hulipwa tangu siku ya kwanza. Kifo cha kujiua kilikuwa na muda wake mbali kwenye mkataba huo, mwaka 1. Masharti haya hayaandikwi kwa ukamilifu kwenye skejuli. Utakuta namba ya kifungu tu, nawe ufungue kijitabu. Miezi hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo usimjibu mteja kwa kichwa.

Yeye alisema hayo yamepita zamani, kwani ni miaka minne. Nikageuza karatasi ya pili. Mwaka 2020 soko lilipodorora kwa korona, alilipa Machi akaacha. Mkataba ulimpa siku 30 za hisani, na mtu akifariki ndani ya siku hizo bado analipwa, ila deni la mwezi hukatwa. Zikapita, bima ikalala. Akaifufua tarehe 1 Oktoba 2020 kwa kulipa malimbikizo ya miezi 6, yaani 24,000 na riba kidogo, na kujaza fomu mpya ya afya. Mkataba wake ulisema muda wa kungoja unaanza upya siku ya kufufua. Basi kuanzia Oktoba 2020 hadi mwisho wa Machi 2021 huyu mama alikuwa anatembea akiamini ana bima kamili, kumbe kwa ugonjwa alikuwa kama mteja mgeni. Hakuna aliyemwambia. Ukifufua bima ya mtu, mwandikie tarehe mpya kwa mkono wako juu ya nakala yake.

Na mwulize analipaje. Bima nyingine za hapa Mombasa hazilali kwa sababu mtu hana pesa. Hulala kwa sababu ameweka namba ya akaunti isiyo sahihi kwenye M-Pesa, pesa zikaenda kukaa mahali zisipojulikana ni za nani. Namba ya kuweka ni ile iliyo juu ya skejuli, pamoja na herufi na mkwaju wake ikiwa vipo.

Warithi waliotajwa ndio waliotuchukua saa nzima. Kulikuwa na majina matatu: mama yake mzazi asilimia 50, mumewe asilimia 30, mtoto asilimia 20. Jumla 100, hesabu safi. Lakini mama mzazi alikuwa ameshafariki, mume walishaachana, na mtoto alikuwa na miaka 9.

Akasema, "Huyo baba si tulipeana talaka kwa kadhi?" Ndiyo, lakini talaka haifuti jina kwenye skejuli. Kampuni husoma kilichoandikwa, na pale mume alikuwa bado ana 30 zake. Fungu la marehemu nalo hutegemea kifungu: mikataba mingine huwagawia waliobaki, mingine hulipeleka kwenye mali aliyoacha mwenye bima, na huko ni mahakamani au kwa kadhi kutafuta hati ya usimamizi kabla hata senti haijatoka. Mtoto hawezi kulipwa mkononi. Panahitajika mtu mzima aliyeandikwa kama mlezi wa pesa zake, na sanduku lile lilikuwa tupu.

Tukajaza fomu ya kubadilisha: mtoto asilimia 70, dada mdogo wa mteja asilimia 30, na dada huyo huyo awe mlezi wa fungu la mtoto. Nilimwuliza kama anamwamini kwa kofia zote mbili. Akacheka, akasema ndiye anayemwachia meza ya samaki kila Ijumaa. Majina tuliyanakili kutoka kitambulisho na cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Hapa kwetu mtu huitwa Aisha nyumbani, Mwanaisha kwenye kitambulisho, na Mama fulani mtaani. Mohamed wa kitambulisho huwa Muhammad kwenye cheti. Kila tofauti ni safari moja zaidi ya kwenda kula kiapo kwa wakili. Pia fomu peke yake haitoshi. Mabadiliko yanakuwa halali kampuni ikiyaandikisha na kumletea barua ya kuthibitisha, ambayo hubandikwa kwenye skejuli. Usifunge faili kabla ya barua hiyo.

Wateja Waislamu watakuuliza kuhusu mirathi: je, kutaja asilimia si kuvunja hukumu ya dini? Usijifanye sheikh. Mweleze kwamba kampuni itamlipa aliyetajwa, kisha amwulize anayemwamini kwa elimu ya dini kabla hajaandika jina.

Ndipo tukarudi kwenye friza. Thamani ya kuvunja, ambayo ofisini tunaiita sarenda, haipo tangu siku ya kwanza. Kwake ilianza baada ya miaka 3 ya malipo, ndiyo sababu bima ilipolala mwaka 2020 akiwa na miezi 13 hakuwa na kitu cha kudai. Sasa alikuwa na miezi 48. Hesabu ya mkataba wake ilikwenda hivi: miezi 48 kati ya 180, mara 600,000, ni 160,000. Hicho ni kima kilichopunguzwa. Angeacha kulipa bila kuvunja, angebaki na bima ya 160,000 hadi 2034 bila kutoa senti nyingine. Akitaka pesa leo, jedwali la mkataba lilitoa asilimia 60 ya hicho, yaani 96,000. Alikuwa amelipa 192,000.

Alinyamaza. Mwache mteja anyamaze hapo, usimjazie maneno.

Kisha nikamwonyesha kifungu cha mkopo: angeweza kukopa hadi asilimia 80 ya sarenda, ambayo ni 76,800, bima ikiendelea. Mkopo una riba, na asipoulipa hukatwa siku ya kudai. Ukiachwa uvimbe mpaka ushinde sarenda, bima hufungwa. Si pesa ya bure. Nilimwambia pia kwamba kama 4,000 kwa mwezi zimemshinda kabisa, kima kilichopunguzwa ni afadhali kuliko kuvunja, lakini hakitamtengenezea friza.

Alikopa 60,000. Tuliandika kwenye nakala ya skejuli, kwa penseli, tarehe ya mkopo na kiasi atakachorudisha kila mwezi juu ya zile 4,000, akaikunja akaitia kwenye mfuko wa plastiki ule ule anaowekea leseni ya kaunti. Barua ya warithi ilifika baada ya wiki tatu, nikampelekea sokoni mwenyewe.