Hereni za mbuzi kung'oka vichakani

"Mbuzi wangu hapa Chamwino wanang'oa hereni kwenye miiba. Nirudi kwenye chapa ya moto kama ng'ombe?"

Hapana, bakia na hereni, ila badili mahali unapotoboa. Nyingi zinazong'oka zimewekwa karibu na ncha ya sikio, zinaning'inia na kunasa kwenye migunga. Toboa katikati ya sikio, upande wa kuelekea kichwani kidogo, kati ya mishipa mikubwa na ile mistari migumu ya gegedu. Nimewavisha mbuzi miaka mingi, na hili ndilo linalopunguza hasara.

Kuna kaka aliyemshauri arudi kwenye chapa kwa kuwa haipotei, na hilo ni kweli. Lakini chapa ya boma inasema mbuzi ni wa nani tu, haisemi huyu ni yupi, na daftari la kumbukumbu za mifugo linahitaji kujua ni yupi. Ndiyo maana mimi huvisha masikio yote mawili namba ileile: moja ikitoka, nyingine inabaki.

Zikitoka zote, mtambue kwa rangi, pembe na mama yake, mambo uliyoandika siku ya kumvisha. Tuseme alikuwa 047 na sasa unampa 112: kwenye mstari uleule wa 047 andika "sasa 112" na tarehe. Usimpe mbuzi mwingine 047 kamwe, utachanganya watoto wa mama wawili.

Visha kiangazi. Masika nzi hutaga kwenye kidonda, kwa hiyo kikague mpaka kipone.