Mwanangu, uachie mguu nafasi

"Baba, wimbo wangu una sauti tatu tu na kila mtu anaushika mara moja, lakini wanausikiliza wakiwa wamekaa. Nibadilishe melodi au niongeze ngoma?"

Mwanangu mpendwa,

Nimeusikiliza mara nne, ya mwisho nikiwa nimesimama. Melodi iache, na ngoma zinatosha. Mimi nimesikia jambo jingine kabisa: kila silabi unaitua juu ya pigo lenyewe. Ngoma ikisema moja, nawe upo. Ikisema mbili, nawe upo. Msikilizaji habakiwi na kazi yoyote. Nimekuambia hili tangu ukipiga sufuria, na leo nakuambia tena: mguu huingia pale sauti ilipoacha nafasi.

Unaujua ule mstari wangu, "Nimerudi kwa mama". Mlikua mkiusikia nikiuimba nikinyoa ndevu, ila sidhani niliwahi kukueleza ulivyozaliwa. Nilikuwa nimeutunga kwa sauti tatu tu kama wako, ukiwa umenyooka kama rula. Hesabu mapigo manne, kisha manne tena: ni, me, ru, di, kwa, ma, ma, kimya. Silabi moja kwa pigo moja. Bendi nzima ilikuwa ikiupiga mazoezini na hakuna hata aliyetikisa bega. Mpiga ngoma wetu, mzee kuliko sisi sote, akasimamisha kila kitu. Akaniambia, "Hiyo moja ni yangu. Wewe usiiguse."

Nilikasirika. Wimbo ni wangu, namna gani nisiguse pigo la kwanza? Lakini nikajaribu. Hesabu nami kwa sauti: moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Kwenye "moja" nyamaza, ngoma ipite peke yake. "Ni" iweke kwenye ile "na" inayofuata, "me" kwenye mbili. "Ru" iingie kwenye "na" ya baada ya mbili, na uishikilie ipite juu ya tatu bila kuigonga. "Di" ni "na" ya baada ya tatu, "kwa" ni nne. Sasa "ma" ya kwanza: iingie kwenye "na" ya mwisho kabisa, nusu pigo kabla ya moja inayokuja, uivutie ng'ambo, ngoma iipige moja wakati wewe tayari umo ndani ya sauti. "Ma" ya pili itue kwenye mbili, pumzika.

Sauti ni zile zile tatu, do, re na mi, wala hakuna iliyoongezwa. Walioisomea wanaita sinkopesheni. Yule mzee aliita kuwahi.

Dada yako alikuwa na mwaka mmoja na kidogo, amesimama kwa kushikilia ukingo wa meza. Tulipofika kwenye ile "ma" ya mwanzo, nikaivuta, ngoma ikagonga moja, na magoti yake yakakunjika. Mstari ukarudi, yakakunjika tena mahali pale pale. Sauti yangu ilikuwa imewahi, kwa hiyo ile moja ilibaki wazi, na mtoto akaijaza kwa mwili wake. Mpaka leo nikikumbuka yale magoti mawili nacheka peke yangu.

Usidhani nilipatia mara ya kwanza. Mwanzo niliwahisha silabi yoyote iliyonijia, na ikaangukia "di". Ikasikika "nimeruDI", kama mtu anayejifunza lugha. Kiswahili mkazo wake uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: nimeRUdi, MAma. Hizo ndizo za kuwahisha na kuvuta, na zile nyepesi usizivute, baadhi yake ziache zitue juu ya mapigo ya kawaida. Angalia tena nilivyozipanga: "me", "kwa" na "ma" ya mwisho ziko juu ya pigo. Hizo ndizo zinazomwonyesha msikilizaji pigo liko wapi, ndipo akukamate unapolikwepa.

Nilipoona magoti ya dada yako nilipagawa, nikatoa kila silabi nje ya pigo. Ikaharibika, na sikuelewa kwa nini. Sauti ikikaa kwenye "na" mfululizo, sikio hulihamisha pigo taratibu, "na" ikawa ndiyo moja mpya, na mambo yakawa yamenyooka tena, ila sasa ngoma ndiyo inayoonekana imekosea. Ule utafiti ulionitumia, wa Maria Witek na wenzake wa mwaka 2014, si ulionyesha hivyo hivyo kwa midundo ya ngoma? Iliyokwepa pigo kwa kiasi cha kati ndiyo iliyowapa watu hamu ya kujongea, kuliko iliyonyooka na kuliko iliyovurugika. Na besi yako usiiruhusu iwahi kila mara pamoja nawe. Wote mkiwahi, ile moja inabaki bila mlinzi, na kuwahi kwako kunasikika kama mzunguko umekatwa.

Kuna mtego wa mwendo pia. Wimbo wako uko karibu mapigo 100 kwa dakika, kwa hiyo nusu pigo ni sekunde 0.3, mwili unaiona kama mruko mdogo. Ungekuwa wa 60, nusu pigo ingekuwa nusu sekunde nzima, na watu wangedhani umeingia kabla ya wakati. Huko ungewahi kwa robo pigo.

Sasa kinachonichoma. Tulipokwenda kurekodi, kiongozi wa bendi aliamuru turudishe mstari ulivyokuwa mwanzo, eti maneno yasikike. Nilikubali. Yule mzee alinitazama, hakusema neno, akapiga alichoambiwa. Rekodi ile ninayo, na huwa naizima kabla ya kiitikio.

Huenda kiongozi hakukosea kwa maneno. Ukiwahisha kila mstari, mtu anayeusikia kwa mara ya kwanza anapoteza neno hapa na pale, na beti zina habari ya kubeba. Hapo namkubalia. Lakini kiitikio? Kiitikio kinarudi mara nne, tano, maneno yanajulikana tayari! Hapana, kwa kiitikio simkubalii. Mguu huingia pale sauti ilipoacha nafasi, na sisi tuliziba kila nafasi.

Haya, fanya hivi kabla hujagusa kitu kingine. Zima ngoma zote. Kanyaga sakafu kwenye mapigo manne, imba, rekodi kwa simu. Ukisikia mguu unawahi pamoja na sauti, hujakwepa pigo, umeongeza mwendo tu. Hilo ndilo kosa la karibu kila mwimbaji, na nililifanya wiki nzima. Mguu ukibaki palepale huku sauti ikiutangulia, umefika. Kisha mwombe mtu apige makofi kwenye mbili na nne, uone kama bado unajimudu.

Kuhusu mstari wako wa tatu, ule unaoanza kwenye moja na kuishia kwenye moja, nina neno na liko mdomoni kabisa. Nimeliandika hapa mara mbili na kulifuta. Nilinyang'anywa wimbo wangu na mtu mwenye uhakika sana, sitaki kuwa yeye. Silabi yenye mkazo kule mwishoni unaijua mwenyewe. Niletee rekodi ya mguu na sauti tu, bila ngoma, na dada yako awepo siku tutakayoisikiliza.

Baba yako