Nilivyojitoa kwenye matangazo ya duka (mara ya kwanza niligombana)

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, kuna duka linanitumia picha za nguo kila asubuhi kwenye WhatsApp. Natafuta pa kubonyeza nitoke, sipaoni. Nimwambieje mwenye duka asinune?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mimi yule mwenye duka wangu alininunia mwaka mzima.

Lilikuwa duka la viatu. Nilinunua jozi moja, nikaacha namba, na mwenyewe nikahifadhi ya kwao ili niulizie mzigo mpya. Kosa lilianzia hapo, ila sikulijua. Matangazo yakaanza: moja kwa siku, mara matano, mara sauti ya dakika mbili. Usiku mmoja, nimechoka na mambo yangu mengine, nikaandika: "Hivi nyie hamlali? Nitoeni kwenye grupu lenu!"

Akajibu kwamba hana grupu. Nikamwita mwongo. Kumbe alikuwa mkweli, na hilo bado linaniuma.

Ile si grupu, ni orodha ya matangazo, brodkasti kama wengi wanavyoiita. Mwenye duka anachagua majina, anaandika mara moja, na kila mteja anaipata kama meseji yake peke yake. Ndiyo maana huoni wateja wengine, na ndiyo maana hakuna pa kubonyeza utoke. Ukijibu kwa hasira, anayesoma ni yeye tu.

Basi akaniambia amenitoa. Kesho yake picha zikaja tena. Nikarudi na maneno ambayo sitayaandika hapa. Jibu lake lilikuwa fupi: "Nimekutoa dada, naapa." Naye alikuwa amenitoa kweli, kwenye orodha moja. Orodha ya kawaida inachukua watu 256, kwa hiyo duka lenye wateja wengi huwa nazo kadhaa, na jina langu lilikuwa kwenye mbili. Hili nilikuja kuelezwa na binti aliyekuwa akishika simu ya duka, baada ya kuwa tumeshavunjiana heshima. Akaniambia pia nimeandikwa "Dada Viatu 39". Mimi nilikuwa nasaini kwa jina langu kamili, wao wananitafuta hawanioni!

Sasa sikiliza, maana jambo lenyewe ni jepesi hadi linaudhi. Matangazo ya orodha ya kawaida yanamfikia tu mtu aliyehifadhi namba ya anayetuma. Futa namba ya duka kwenye majina ya simu yako, na tangazo linalofuata halikufikii. Hujamwomba mtu wala hujamwudhi mtu, na mkitaka kuandikiana bado mnaweza. Utajuaje kama imefutika? Fungua mazungumzo yenu: juu panatakiwa paonekane namba, siyo jina ulilolihifadhi. Jina hilo likibaki, kuna nakala nyingine, mara nyingi moja iko kwenye laini na nyingine kwenye akaunti ya barua pepe. Futa zote.

Kwa duka la pili (naam, nilinaswa tena, la mapazia safari hii) nilianza kwa kufuta. Halafu, kwa kuwa nilitaka namba yangu iondoke kabisa kwao, nikaandika mchana, siyo usiku:

"Habari za kazi. Naomba mniondoe kwenye orodha zenu zote za matangazo na mfute namba yangu. Huenda mmenihifadhi kwa jina la bidhaa niliyonunua, mapazia ya kijivu. Nikihitaji kitu nitawatafuta. Asante."

Angalia hakuna sababu humo ndani. Ukisema "zinanijazia simu", utaambiwa zima upakuaji wa picha. Ukisema "sina hela sasa hivi", utapewa punguzo. Sababu ni mlango, na muuzaji mzuri hupita mlango wowote ulio wazi. Watu wengi mnagombana kwa sababu mnajieleza. Acheni kujieleza! Mtu mzima anaomba kuondolewa, anashukuru, ananyamaza. Na neno "zote" usilisahau, mimi lilinigharimu.

Kuna duka ambalo kufuta hakutasaidia. Yale makubwa yanayotuma kwa mfumo wa kulipia yanakufikia hata kama hujahifadhi namba yao. Hao wazuie tu, hakuna binadamu upande wa pili wa kununa. Lakini duka la mtu unayekutana naye njiani usilianze kwa kulizuia. Siku ukiwa na shida na bidhaa yao meseji zao hazitakufikia, na akiona tiki moja kila akikuandikia, atahisi.

Wa mapazia alijibu "Sawa dada, karibu tena," na picha hazikuja. Wa viatu nilimpigia mwezi uliopita kuomba radhi. Alipokea, akasikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama bado navaa 39.