Masyu: lulu nyeusi yenye nyeupe mbili mabegani

Ukishazijua kanuni za Masyu, fumbo la kuchora kitanzi kwenye gridi yenye lulu nyeusi na nyeupe, usikimbilie kuchora. Tafuta kwanza mahali ambapo lulu zimekaa karibukaribu, maana huko ndiko njia hukosa pa kukwepea. Kanuni zenyewe ni fupi: kitanzi kimoja kinapita kwenye lulu zote bila kujikata. Juu ya nyeusi lazima kipinde, kisha kiende wima au mlalo bila kupinda katika kisanduku kinachofuata, pande zote mbili. Juu ya nyeupe lazima kinyooke, ila kipinde katika kisanduku cha kabla yake au cha baada yake.

Umbo ninalolitafuta mapema kuliko mengine ni nyeusi yenye nyeupe mbili mabegani. Chukua gridi ya 10 kwa 10, uhesabu mistari kuanzia juu na safu kuanzia kushoto. Nyeusi iko mstari wa 5, safu ya 5. Nyeupe ziko mstari wa 4, moja safu ya 4 na nyingine safu ya 6.

Jaribu kuipeleka nyeusi juu. Njia itapita katikati ya zile nyeupe mbili ikiwa wima, kwa hiyo hakuna nyeupe itakayoweza kulala. Zote zitasimama wima na kushuka hadi mstari wa 5, upande huu na upande huu wa nyeusi. Lakini nyeusi nayo inatakiwa ipinde kushoto au kulia na kukivuka kisanduku hicho hicho ikiwa imelala. Haiwezekani. Basi inashuka: chora hadi mstari wa 7, na uweke alama ya x, yaani njia haipiti hapa, kwenye ukingo wa juu wa kisanduku cha nyeusi. Wengi huisahau hiyo x, nayo ina thamani sawa na mstari uliochorwa.

Sasa tuseme kuna nyeupe nyingine mstari wa 7, safu ya 5. Njia imeingia humo ikitoka kwenye kisanduku kilichonyooka, kwa hiyo kupinda kumebaki upande wa chini tu: itapinda mstari wa 8.

Kama nyeusi inapinda kushoto au kulia bado hatujui, lakini usiondoke. Ikienda kushoto, nyeupe ya kushoto haiwezi kushuka, hivyo italala na kugusa kisanduku kilicho juu ya nyeusi. Ikienda kulia, nyeupe ya kulia itafanya vivyo hivyo. Kwa vyovyote vile kisanduku hicho kina njia, na kwa kuwa chini pana x, itatoka kwa kupanda juu au kwa kunyooka hadi nyeupe ya pili. Ikinyooka, kila nyeupe italazimika kupinda upande wake wa nje, safu ya 3 na safu ya 7.

Angalizo moja: nyeupe iliyopakana na nyeusi, njia ikipita kati yao, imeshapata kona yake palepale juu ya nyeusi. Usiilazimishe ipinde tena upande wa pili, ingawa ikipinda si kosa.