Meseji imeganda kwenye alama ya saa? Usiifute ukaiandika upya

Msomaji mmoja mwenye duka la jumla ameniandikia kwa hasira. Alimwagiza msambazaji wake katoni 3 za sabuni kwa WhatsApp, meseji ikaganda kwenye kile kialama cha saa, akaifuta, akaiandika upya, na mchana zikashushwa katoni 6. Msambazaji ana oda mbili kwenye simu yake na amezipakia zote. Msomaji anaapa kwamba ile ya kwanza haikwenda.

Ilikwenda. Kilichopotea njiani ni risiti.

Watu wengi huisoma ile saa kama "meseji bado imo ndani ya simu yangu". Mara nyingi ni kweli, lakini sicho inachosema. Inasema tu kwamba seva, yaani kompyuta ya WhatsApp inayopitisha meseji, haijaijibu simu yako kwamba meseji imepokelewa. Jibu hilo likifika, saa hugeuka kuwa tiki moja ya kijivu. Simu ya unayemwandikia ikishaichukua meseji kutoka kwenye seva, nayo hurudisha risiti yake, na tiki huwa mbili. Akifungua mazungumzo, kama hajazima taarifa za kusoma, tiki hugeuka bluu. Kila alama ni risiti iliyorudi kwako, na risiti husafiri kwa mtandao ule ule mbovu uliobeba meseji.

Sasa turudi dukani. Saa 2:10 asubuhi anabonyeza kutuma. Simu inaipa meseji kitambulisho chake, msururu wa herufi na namba ambao hauonekani kwenye skrini, kisha inaiandika kwenye hifadhi yake na kuionyesha na alama ya saa. Baada ya hapo inaifunga kwa usimbaji na kuirusha. Seva inaipokea, inaipeleka kwa msambazaji, na inarudisha jibu. Wakati huo huo mtandao wa muuza duka unakatika, na jibu halimfiki. Kwa upande wake saa bado ipo. Kwa upande wa pili simu imeshalia na oda imesomwa.

Simu ya muuza duka haina namna ya kujua kama kilichopotea ni meseji ikienda au jibu likirudi. Ukimya ni ule ule. Kwa hiyo inachagua njia ya usalama: mtandao ukirudi, inatuma tena meseji ile ile ikiwa na kitambulisho kile kile. Ikiwa ya kwanza ilishafika, upande wa pili hukitambua kitambulisho na kuitupa nakala kimyakimya. Ndiyo maana simu inaweza kurudia mara kumi na mpokeaji akaona meseji moja tu.

Wewe ukifuta na kuandika upya, unaivuruga kazi hiyo. Meseji mpya ina kitambulisho kipya, na hata ukirudia maneno yale yale neno kwa neno, kwa mashine hizo ni oda mbili tofauti. Kufuta kwenye simu yako kunaweza kuizuia meseji ambayo kweli haijatoka, lakini ile iliyokwishafika kwenye seva hairudi. Hapa ndipo katoni 3 zilipozaa 6.

Kuhusu kujirudia kwenyewe: simu haijaribu mfululizo. Utaratibu wa kawaida wa programu za aina hii ni kusubiri sekunde 1, kisha 2, kisha 4, kisha 8, muda ukiongezeka maradufu hadi kikomo fulani. Huchanganywa na bahati nasibu kidogo, ili mnara ukirudi baada ya umeme kukatika simu zote za mtaa zisibishe hodi kwenye seva kwa sekunde moja. Kwa hiyo mtandao unaweza kuwa umerudi na saa ikaendelea kuonekana kwa muda, kwa sababu zamu ya kujaribu haijafika. Kufungua programu kwa kawaida huharakisha zamu hiyo.

Ukiona saa imekaa zaidi ya dakika moja hivi, anza kwa kuangalia kama ipo kwenye mazungumzo yote au kwenye meseji moja. Ikiwa maandishi yanapita na picha tu ndiyo imeganda, mtandao upo ila ni mwembamba. Picha hupandishwa kwanza kwenye seva kama faili lililofungwa, na meseji yenye ufunguo wake hufuata baadaye. Upandishaji ukishindwa kabisa, programu huacha kujaribu na kuweka kitufe chenye mshale, na hapo ni lazima ubonyeze mwenyewe.

Ikiwa zote zimeganda, usiiamini 4G iliyoandikwa juu ya skrini. Inaonyesha tu kwamba simu imeshika mnara, na bando likiisha inabaki pale pale. Angalia salio la bando kwanza. Kupima kwa kufungua ukurasa wa wavuti kuna mitego miwili: ukurasa uliokwisha kuufungua unaweza kutoka kwenye kumbukumbu ya simu, na mwenye bando la WhatsApp pekee atakwama kwenye wavuti ilhali meseji zinapita.

Bando likiwepo, washa hali ya ndege, hesabu sekunde 10, kisha izime. Hatua hii ina sababu. Simu hushikilia muunganisho mmoja na seva kwa muda mrefu, na ukihama kutoka waifai kwenda data, muunganisho wa zamani unaweza kufa bila simu kutambua. Inaendelea kuongea na laini iliyokatika. Hali ya ndege huilazimisha ianze upya.

Ikiwa meseji hutoka tu unapofungua programu, tatizo ni ubanaji wa betri. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu iliyotulia huzifungia programu mtandao na kuzifungulia kwa vipindi. Ingia kwenye mipangilio ya simu, chagua programu, kisha WhatsApp, iruhusu itumie data hata usipokuwa umeifungua na uondoe kizuizi cha betri. Angalia pia tarehe, kwa sababu saa ya simu iliyopotea siku kadhaa huivuruga programu hata kama mtandao ni mzuri.

Kuna jambo moja ambalo sitalisamehe: ushauri wa "futa data ya programu" au "iondoe uisakinishe upya". Meseji yenye saa huenda haipo popote duniani isipokuwa kwenye hifadhi ya simu yako. Kuifunga programu kwa nguvu hakuidhuru, lakini kufuta data huiua.

Na wale wanaoona saa na kuamua wameblokiwa, wapumue. Aliyeblokiwa huona tiki moja isiyoongezeka, kwa sababu seva imeipokea meseji lakini haimfikishii mhusika. Tiki moja pia huonekana kwa mtu ambaye simu yake imezimwa tu, na seva humtunzia meseji hadi siku 30 kabla ya kuifuta. Mtumiaji wa Telegram naye asichanganye: kule tiki mbili maana yake ni kusomwa, siyo kufika.

Kwa yule wa sabuni, dawa ilikuwa meseji ya pili yenye maneno tofauti: "Kama umepata oda ya katoni 3, ni hiyo hiyo moja." Ingepanga foleni nyuma ya ile ya kwanza, na msambazaji angepakia 3.