Kumtoa mgeni kwenye picha ya harusi: ujazo wa Photoshop unapokubali na unapoacha mabaka

Kwa wewe uliyeingia studio karibuni: kazi ya kumtoa mtu kwenye picha utapewa mapema, kwa sababu kila harusi ina yule aliyepita nyuma ya maharusi akiwa na simu mkononi. Kabla hujagusa kitu, uliza. Mtu unayemwona wewe kuwa mpita njia anaweza kuwa mjomba wa bibi harusi aliyesafiri siku mbili kuja. Mimi humtumia mteja picha nikiwa nimemzungushia duara mtu huyo, kisha nasubiri jibu la maandishi. Nilishawahi kumfuta mzee wa watu kwa agizo la mdomo la mwanakamati mmoja, na ilibidi picha ziprintiwe upya kwa gharama yangu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Nitaeleza picha moja ya bustanini, saa kumi jioni, iliyonifundisha mengi kuliko nyingine zote.

Maharusi wamesimama kwenye majani. Nyuma yao kuna safu ya viti vilivyovikwa vitambaa vyeupe na kufungwa utepe wa dhahabu, na nyuma ya viti kuna ukuta wa michongoma uliotoka ukungu kidogo kwa sababu lenzi ilikuwa imefunguliwa sana. Kijana wa shati jekundu amesimama nyuma ya bega la bibi harusi. Kichwa na kifua chake vimeangukia kwenye michongoma, mkono mmoja unaonekana kupitia shela, miguu imeziba kiti, na kivuli chake kimelala juu ya majani.

Nilifanya kama wanavyofanya wote mwanzoni. Nilimzungushia Lasso, nikabonyeza Shift+F5, nikachagua Content-Aware, ndio ujazo wenyewe, nikasubiri. Kichwa kilitoweka vizuri kabisa, huwezi kujua palikuwa na mtu. Lakini chini yake kiti kimoja kilikuwa na mgongo nusu na majani ya michongoma yakichungulia katikati ya kitambaa cheupe, ukingo wa shela ulikuwa kama chaki iliyopitishiwa kidole chenye maji, na ndani ya michongoma palitokea kipande cheusi ambacho baada ya kuzumu nilikitambua: ni mkono wa koti la bwana harusi.

Kipande hicho cha koti ndicho kilichonifumbua macho. Ujazo huu, ambao ulikuja na Photoshop CS5 mwaka 2010, haujui nyuma ya kijana kuna nini. Unachofanya ni kutafuta kwenye picha hiyohiyo vipande vidogo vinavyofanana na kile kilicho ukingoni mwa shimo, kuvinakili ndani, na kuvilainisha vikutane. Kwenye michongoma au mchanga wa pwani kipande chochote kinafaa mahali popote, kwa hiyo hukosei. Kiti kina mahali pake pa kuanzia na kuishia. Mstari ukiingia kwenye shimo upande huu, lazima utokee upande wa pili mahali sahihi, na ujazo hauna njia ya kujua hilo. Pale vipande visipopatana, unavilainisha kwa nguvu, na hapo ndipo baka linapozaliwa.

Kwa hiyo jifunze kumwona mtu unayemtoa kama vipande vinne au vitano, kila kimoja na kilicho nyuma yake, na ukijaze peke yake. Kijana wangu alikuwa na vipande vinne: michongoma, viti, majani, na shela.

Nilianza kwa kumlinda bibi harusi. Nilimchagua yeye na shela yake kwa uangalifu, nikabonyeza Ctrl+J akawa kwenye leya yake juu kabisa, na nikakaza ukingo kwa maski. Faida yake ni kubwa. Ukijaza shimo linalogusana na ukingo wa mtu, huna nafasi ya kuchagua kwa upana, na ukibana sana unabakiza uzi wa rangi ya shati ambao ujazo unauchukulia kuwa sehemu ya picha na kuusambaza. Bibi harusi akiwa juu, unaweza kupanua eneo la shimo hadi chini yake. Baka litakalotokea pale mpakani litafunikwa naye mwenyewe.

Kisha nikarudi kwenye leya ya chini, nikachagua kichwa na kifua tu, nikaenda Select, Modify, Expand na kuandika pikseli 8. Kwa picha ya pikseli 6000 kwa 4000 hiyo inatosha kumeza ule ukingo laini wa nywele na kola. Baada ya hapo nikafungua Edit, Content-Aware Fill, dirisha lile lenye rangi ya kijani inayoonyesha mahali vipande vitakapochukuliwa. Hapa ndipo wageni wengi wanapopita haraka. Kijani hicho kwa kawaida kinafunika viti, watu, mapambo, kila kitu. Nilichagua Custom nikapaka kwa brashi michongoma peke yake. Koti la bwana harusi halikupata tena nafasi ya kuingia. Kwa kuwa michongoma ilikuwa ikiingia gizani kuelekea kushoto, nilipandisha Color Adaptation hadi High, la sivyo kipande cha upande wa jua kingekaa kama kiraka. Output nikaweka New Layer, ili nikikosea nifute leya tu bila kuharibu picha.

Viti sikuviachia ujazo kabisa. Nilichukua kiti kizima cha safu ileile, viti viwili kushoto, nikakinakili, nikakisogeza, na kwa Ctrl+T nikakipunguza kidogo kwa sababu safu ilikuwa inaenda mbali na kamera. Usikigeuze kushoto kulia ili kisifanane na mwenzake: jua lilikuwa linatoka kulia, na kiti kilichogeuzwa kitakuwa na kivuli upande usio wake. Kuondoa mfanano, nilibadilisha mikunjo miwili ya kitambaa na ncha ya utepe kwa Clone Stamp. Ilinichukua dakika kumi, wakati ujazo ulikuwa umenipotezea nusu saa ya kujaribu tena na tena.

Majani ya chini yalikubali mara ya kwanza, lakini yana mitego miwili. Wa kwanza ni kivuli. Ukimtoa mtu ukaacha kivuli chake, macho ya mtazamaji yatahisi kasoro hata kama hawezi kuitaja, kwa hiyo kivuli kinachaguliwa pamoja na viatu. Kwenye picha hii kivuli cha kijana kiligusana na kile cha gauni, nami nikakata pale pale vilipokutana, kwa ukingo uliolainishwa pikseli 15 hivi, kwa sababu kivuli cha jioni kinapoenda mbali na mwenyewe huwa laini. Mtego wa pili ni marudio. Majanini palikuwa na petali za waridi zilizomwagwa wakati maharusi wanaingia, na ujazo ukanakili petali moja iliyokunjika ncha mara tatu kwenye mstari mmoja. Mbili nikazifuta kwa Healing Brush.

Sasa shela. Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu ndipo picha nyingi zinapoharibikia. Shela si ukuta, ni wavu mwembamba. Unachokiona pale ni nyuzi nyeupe na kilicho nyuma yake vikiwa vimechanganyika ndani ya pikseli moja. Ukijaza eneo hilo, unafuta shati na nyuzi pamoja, na ujazo hauwezi kusuka upya wavu unaofuata mikunjo. Utapata ukungu mweupe usio na nyuzi, nao ndio ule ulionitokea kama chaki iliyolowa.

Nilichofanya ni kuacha nyuzi zilivyo na kubadilisha rangi tu. Juu ya leya ya bibi harusi niliweka leya mpya, nikaibana kwake kwa Ctrl+Alt+G, nikaweka mtindo wa Color. Kwa brashi laini nikibonyeza Alt nilidokoa ukijani wa shela pale ilipopita mbele ya michongoma, nikapaka polepole juu ya wekundu wa mkono. Mtindo wa Color unabadilisha rangi bila kugusa mwanga na giza, kwa hiyo nyuzi zote zilibaki. Lakini niseme ukweli, niliokolewa na shati. Wekundu uliokoza na kijani cha michongoma vilikuwa na giza linalokaribiana. Kijana angevaa shati jeupe, umbo la mkono lingebaki hata baada ya rangi kubadilika, na njia hii isingefaa.

Ikiwa hivyo, au mgeni akiwa ameziba sehemu ya mtu unayemtaka, kama kiganja cha mama mzazi au sikio la mpambe, acha ujazo na nenda kwenye picha nyingine za tukio lilelile. Mpiga picha wa harusi hupiga tatu au nne mfululizo, na kwenye mojawapo mpita njia ameshasogea. Ziweke mbili kwenye faili moja, chagua leya zote mbili, tumia Edit, Auto-Align Layers, kisha kwa maski fungua sehemu unayoihitaji tu. Kile ni kiganja chenyewe cha mama, si kubahatisha. Ndiyo maana huwa namwomba mpiga picha asifute picha za ziada mpaka albamu ikabidhiwe.

Kabla ya kutoa kazi, weka juu leya ya Curves ya muda na uikunje sana, mwanga uwe mkali na giza liwe zito. Mabaka yaliyojificha hujitokeza hapo. Tazama pia chembechembe: sehemu iliyolainishwa na ujazo huwa safi kupita kiasi ukilinganisha na jirani yake, hasa kwenye picha za ukumbini usiku zilizopigwa kwa ISO kubwa, na kidogo cha Filter, Noise, Add Noise juu ya leya ya ujazo huirudisha sawa. Angalia kwa asilimia 100, si kwa ukubwa wa skrini ya simu, kwani picha utakayoitumia familia kwa WhatsApp ndiyo hiyohiyo watakayoitaka ya kutundika sebuleni.

Ile ya kijana wa shati jekundu niliikagua hivyo, nikaona imekaa. Mwenzangu akaja nyuma yangu na kikombe cha chai, akaitazama kidogo, akanyoosha kidole kwenye meza ya keki pembeni. Ndani ya jagi la kioo, ukubwa wa punje ya mahindi, shati jekundu lilikuwa bado limesimama. Leya moja zaidi ya Color, mguso mmoja wa brashi, na likaondoka.