Slaidi zina hitimisho tu, sababu ziko wapi? Kutengeneza kitini kutokana na slaidi za mafunzo

*"Wakuu, nimeachiwa slaidi za mafunzo ya wakulima kuhusu kuhifadhi mahindi kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Mwezeshaji keshamaliza mkataba. Nimeziprinti sita kwa ukurasa, watu wanasema hawaambulii kitu. Nifanyeje zisomeke hata na mtu ambaye hakuwepo ukumbini?"*

Mkuu, hata ukiprinti mbili kwa ukurasa hali itakuwa ileile. Mwezeshaji alipokuwa amesimama mbele, slaidi ilikuwa inamkumbusha yeye cha kusema. Sababu, tahadhari na mifano vilitoka mdomoni mwake, na alipoondoka akaondoka navyo. Kwa hiyo usianze kuandika. Anza kwa kuvitafuta.

Tazama kwanza chini ya slaidi, sehemu ya Notes. Wengine huwa wanaacha maelezo mazuri pale na hakuna anayeyaona kwa sababu hayatoki kwenye printi ya kawaida. Kama ni patupu, mpigie mwezeshaji. Mkataba umeisha, ila simu atapokea. Mwombe akupitishe slaidi moja baada ya nyingine kama vile anafundisha, nawe umrekodi kwa ridhaa yake. Kwa kila nukta muulize mambo matatu: kwa nini iwe hivyo, mkulima atajuaje kwamba amefanya sawa, na ni wakati gani haifanyi kazi. Ukija kusikiliza rekodi, simama kila anaposema "kwa sababu", "ila" au "hapa ndipo wengi wanapokosea". Hapo ndipo kitini kilipo.

Maandishi yenyewe usiyanakili kwa mkono. Kwenye PowerPoint ya Windows nenda File > Export > Create Handouts, chagua Outline only, yatahamia Word. Angalizo moja: maneno yaliyoandikwa ndani ya visanduku vilivyochorwa pembeni, na yale yaliyomo kwenye michoro, hayahami. Mara nyingi namba muhimu ndiyo imekaa humo. Linganisha na slaidi zenyewe kabla hujaendelea.

Sasa nikuoneshe kwa mada yako hiyohiyo, maana nimeandaa vitini vya mahindi zaidi ya kimoja. Slaidi ya kawaida huwa hivi:

> Uhifadhi
> - Kausha hadi 13.5%
> - Jaza, toa hewa, funga
> - Usifungue mapema
> - Weka juu ya chaga

Nukta nne zimepangwa kama ndugu wa rika moja, kumbe ya kwanza ndiyo inayoamua kama hizo nyingine zina maana. Mfuko hauruhusu hewa kuingia, na kwa hiyo hauruhusu unyevu kutoka. Ukifungia mahindi mabichi ndani yake, umeyafungia na maji yake, kuvu inaota, na kufunga kwa ustadi hakutakuokoa. Slaidi haiwezi kusema hivyo kwa sababu nukta hazina "kwa hiyo". Unapoandika, jiulize nukta ipi inaitegemea ipi, kisha uandike aya zinazoshikana badala ya nukta ndefu zaidi.

Halafu hiyo 13.5% ya unyevu. Mkulima mwenye turubai na jua ataipimaje? Ukumbini mwezeshaji huonesha kipimo cha chupa na chumvi, ila kwenye slaidi hakimo. Na chenyewe kina mpaka wake ambao wengi hawausemi: chumvi hunata mahindi yakiwa na unyevu unaozidi asilimia 15 hivi. Isiponata, umejua kwamba umeshuka chini ya hapo. Hujajua kwamba umefika 13.5. Pengo hilo lazima kitini kilizibe. Mimi niliandika hivi:

> "Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, yenye kifuniko. Tia mahindi hadi theluthi moja, ongeza kijiko kikubwa cha chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi, rudisha juani. Isiponata, yamekaribia lakini usifungashe siku hiyo. Yaanike tena kwa siku nyingine ya jua kali, au mwombe afisa ugani ayapime kwa kipima unyevu. Yakishakauka yaache yapoe kivulini kabla ya kujaza, kwa sababu mahindi ya moto yakifungiwa hutoa jasho ndani ya mfuko."

Aya hiyo imetoka kwenye maneno matatu ya slaidi. Nukta kuhusu chaga, kwa upande wake, ilinitosha sentensi moja: sakafu hupandisha unyevu, na mfuko ulioegemea ukuta hufikiwa na panya kwa urahisi. Usilazimishe kila nukta ipate nafasi sawa.

"Usifungue mapema" nayo ina mambo. Mfuko huu hauna dawa. Wadudu waliomo, wawe fukusi au dumuzi, wanapumua hewa iliyobaki ndani mpaka inapungua, wanaacha kula, wanakufa. Ndiyo maana unakamua hewa kabla ya kufunga, na ndiyo maana unafunga mfuko wa ndani peke yake, kisha wa pili, kisha kiroba cha nje. Kila unapofungua unawaletea hewa mpya. Mkulima akishaelewa hilo, swali linalofuata litakuja lenyewe: "Na chakula cha wiki hii nachota wapi?" Slaidi haikulijibu. Kitini kijibu: tenga mfuko mmoja wa kula, ambao utafunguliwa mara kwa mara, na ile ya kuuza au ya akiba isiguswe.

Kuna na jambo ambalo slaidi zote nilizoziona zinalinyamazia, nalo ni mahindi yaliyokwisha kuota kuvu kabla ya kuhifadhiwa. Mfuko hauondoi sumukuvu, wala kuyakausha upya hakuiondoi. Msomaji asipoambiwa, atadhani mfuko unasafisha. Kwa hiyo andika wazi kwamba kuchambua punje zilizooza ni kazi ya kabla ya mfuko.

Mpangilio usiufuate wa slaidi. Mwezeshaji huanza na hasara za baada ya mavuno, historia ya teknolojia, malengo ya mradi, kwa sababu anahitaji kuwaweka watu sawa. Mtu anayesoma nyumbani keshapukuchua mahindi na anataka kujua kama yamekauka. Anza hapo. Malengo ya mradi yapeleke mwisho, au yatupe kabisa kama bosi hatakasirika.

Picha bakiza zile zinazoonesha mkono ukifanya kitu: shingo ya mfuko ikisokotwa na kukunjwa, chupa yenye chumvi iliyonata kando ya chupa safi. Grafu za rangi zikiprintiwa nyeusi na nyeupe hazisomeki, hivyo andika kila moja inachosema kwa sentensi moja kisha uiondoe.

Ukimaliza, mpe mtu ambaye hakuhudhuria, pamoja na mfuko mtupu na debe la mahindi, umwambie afanye. Usimsaidie. Kaa pembeni na kalamu, na kila anapokuuliza jambo, weka alama kwenye aya aliyokuwa anaisoma. Wangu alikwama kwenye "toa hewa": alidhani anatakiwa kutoboa.